Kivuli kinapomtangulia mwenye nyumba

Mtu yuko jikoni, mchele ameshauchagua, nazi ameshaikuna. Anashika simu na kuuliza Google vipimo vya tui kwa kilo moja ya mchele. Jibu la kwanza linatoka kwenye tovuti ya mapishi anayoiamini, analibofya, kisha anakuta neno moja tu juu ya ukurasa: “nazi”. Chini yake kuna picha moja, mistari miwili iliyokatika katikati ya sentensi, na kitufe cha “Soma zaidi”. Mwenye subira atabofya tena. Mwenye sufuria motoni atarudi nyuma na kwenda kwa mwingine.

Mapishi aliyoyataka yamo kwenye tovuti hiyohiyo. Mwandishi ameyapima kwa kikombe na kijiko, ametenganisha tui la kwanza na la pili, ameeleza moto upunguzwe lini. Ila aliyetumwa mlangoni kumpokea mgeni ni kivuli cha makala, na makala yenyewe imebaki chumba cha ndani. Makala hii inaeleza vivuli hivyo vinatoka wapi, namna ya kuviondoa kwenye matokeo ya Google bila kuvifuta kwenye tovuti, na kwa nini kazi hiyo haikamiliki mpaka vichwa vya makala zenyewe vipate nguvu.

Kurasa ambazo hakuna aliyeziandika

Tovuti nyingi za Kiswahili zimejengwa kwa WordPress, kwa hiyo tuchukue hiyo kuwa mfano. Ukimaliza kuandika makala, pembeni kuna kisanduku cha lebo. Unaandika maneno machache: nazi, wali, chakula cha mchana. Wengi hudhani wameacha alama ndogo tu chini ya makala. Kumbe kila neno jipya limezaa ukurasa mzima wenye anwani yake, kama `/tag/nazi/`, unaokusanya makala zote zilizopewa neno hilo. Lebo ikiwa na makala thelathini, ukurasa wake ni mkusanyiko wa maana. Ikiwa na makala moja, ukurasa huo ni nakala iliyokatwa ya makala hiyo, na hauna kingine.

Kiswahili kina namna yake ya kuongeza tatizo hili, nayo ni ngeli. Leo mwandishi anaandika “kitafunwa”, kesho “vitafunwa”, keshokutwa mwenzake anaandika “vitafunio”. Kuna “kiungo” na “viungo”, kuna “tui” na “tui la nazi”, na wakati mwingine kuna neno hilohilo kwa Kiingereza kwa sababu mtu alidhani litaleta wasomaji zaidi. Kwa mashine, kila moja ni lebo tofauti na kila moja ina ukurasa wake.

Aina ya pili ya kivuli ni ukurasa wa matokeo ya utafutaji wa ndani. Kile kisanduku cha kutafutia kilicho juu ya tovuti, mtu akiandika “pilau”, humfungulia anwani kama `/?s=pilau`. Akiandika neno lolote lingine, hata lisilo na maana, anwani mpya huzaliwa. Kwa hiyo idadi ya kurasa hizi haina mwisho: yapo maneno mangapi duniani, ndizo kurasa zilizomo.

Hapo ndipo wajanja wanapoingilia. WordPress huandika neno lililotafutwa ndani ya kichwa cha ukurasa wa matokeo. Mtu wa nje anaweza kutengeneza kiungo cha tovuti yako, baada ya `?s=` akaweka tangazo la kamari na namba ya simu, kisha akakisambaza kiungo hicho kwenye kurasa nyingine. Roboti ya Google ikikifuata na ukurasa ukaingizwa kwenye matokeo, tangazo lake litaonekana kando ya jina lako, kana kwamba wewe ndiye uliyeliandika. Hakuvunja kufuli lolote. Alitumia kisanduku chako cha kutafutia tu.

Google walikwisha kulisema jambo hili zamani. Mwaka 2007, Matt Cutts, aliyekuwa akiongoza kazi ya kupambana na matokeo taka ndani ya kampuni hiyo, aliandika kwamba mtu anayetafuta kitu hapendi kupelekwa kwenye ukurasa mwingine wa matokeo ya utafutaji. Fikiria faharasa iliyo mwisho wa kitabu. Unatafuta neno ili upate ukurasa wa kusoma. Ukikuta limeandikwa “tazama faharasa nyingine”, umepotezewa muda.

Neno moja linalotosha

Dawa ni mstari mmoja unaokaa kwenye sehemu ya kichwa ya ukurasa, mahali ambapo msomaji haoni lakini roboti inasoma:

```html
<meta name="robots" content="noindex, follow">
```

Neno `noindex` linaiambia Google: ukurasa huu usiuingize kwenye faharasa yako. Ukurasa unabaki hai. Msomaji aliye ndani ya tovuti bado anaweza kubofya lebo ya nazi na kuiona, na kisanduku cha kutafutia bado kinafanya kazi. Kinachobadilika ni kwamba mtu anayetokea Google hatapokelewa na ukurasa huo. Neno `follow` linaongeza kwamba viungo vilivyomo vinaweza kufuatwa.

Kwa upande wa utafutaji wa ndani, WordPress yenyewe huweka mstari huu tangu toleo la 5.7 la mwaka 2021. Usilale kwa kutegemea hilo peke yake, kwa sababu zipo tovuti zilizotengenezewa ukurasa wao maalumu wa kutafutia, tuseme `/tafuta/?neno=pilau`, na WordPress haiutambui ukurasa wa aina hiyo kuwa ni wa utafutaji. Njia ya kuhakikisha ni rahisi: fungua ukurasa wa matokeo wa tovuti yako kwenye kompyuta, angalia msimbo wake, tafuta neno `noindex`. Lisipokuwepo, halipo, hata kama fundi alikuahidi.

Lebo ni habari tofauti. WordPress haizizuii, na wala haipaswi kuzizuia zote, maana baadhi yake zina kazi. Hapo anahitajika mtu wa kuamua.

Kosa la kufunga mlango kabla ya kusomesha tangazo

Kuna faili inayoitwa `robots.txt` ambayo hukaa kwenye mzizi wa tovuti na kuziambia roboti zisiingie sehemu fulani. Mtu akiambiwa aondoe kurasa za lebo Google, mkono humwasha: anaandika humo `Disallow: /tag/`, na kwa uhakika zaidi anaweka pia `noindex` kwenye kurasa zenyewe. Anaamini amefunga mara mbili. Ukweli ni kwamba kufuli la kwanza limelifuta la pili.

Sababu ni hii. `noindex` ni tangazo lililobandikwa ndani ya nyumba. Ili roboti ilisome, lazima ipige hodi na kuingia. `robots.txt` inaizuia mlangoni, kwa hiyo tangazo halisomwi kamwe. Na Google ikiona viungo vingi vinavyoelekea kwenye ukurasa huo, inaweza kuendelea kuuonyesha kwenye matokeo kwa anwani yake tu, bila maelezo yoyote, kwa kuwa haijui kilichomo. Katika Search Console, chombo cha bure ambacho Google huwapa wenye tovuti, kurasa za namna hiyo huorodheshwa chini ya maneno `Indexed, though blocked by robots.txt`. Ukiyaona maneno hayo kwenye kurasa ulizotaka ziondoke, ujue mlango umefungwa kabla tangazo halijasomwa. Ondoa mstari wa `Disallow`, acha `noindex`, kisha subiri.

Wapo pia wanaoandika neno `Noindex` ndani ya `robots.txt` yenyewe, kwa kufuata maelekezo ya zamani. Google waliacha kulitambua neno hilo ndani ya faili hiyo tarehe 1 Septemba 2019. Likibaki humo leo ni pambo.

Tovuti ya mapishi, lebo 620

Tufanye hesabu ya mfano. Tovuti ya mapishi ina makala 180. Kwa miaka kadhaa waandishi wake wamekuwa wakiweka lebo bila mpango, na sasa zimefika 620. Kati ya hizo, 430 zina makala moja tu. Maana yake, kwa kila ukurasa mmoja ulioandikwa na mtu kuna zaidi ya kurasa tatu zilizoandikwa na mashine.

Hatua ya kwanza ni kuangalia lebo zipi zinaleta watu, kabla ya kugusa chochote. Kwenye Search Console, ripoti ya utendaji inaweza kuchujwa ionyeshe anwani zenye `/tag/` pekee. Ukichukua miezi 12, unaona kila lebo imebofywa mara ngapi kutoka Google. Muda usiwe mfupi, kwa kuwa mapishi yana msimu. Lebo ya futari inaweza kuwa kimya miezi kumi kisha ikajaa Ramadhani ikikaribia. Anayeangalia miezi mitatu tu ataizika ikiwa hai.

Hatua ya pili ni kuzigawa lebo mafungu matatu. Fungu la kwanza ni zile zenye makala nyingi na wageni wa kweli, kama futari, yenye mapishi 25. Hizo zinabaki kwenye matokeo, na zinastahili kuandikiwa aya mbili tatu za utangulizi: vitu gani viandaliwe mapema, vipi vipikwe karibu na magharibi, na ni mapishi yapi yaliyomo. Hapo ukurasa unaacha kuwa orodha na unakuwa jibu. Fungu la pili ni pacha: kitafunwa, vitafunwa, vitafunio. Hizo zinaunganishwa kuwa lebo moja, na anwani za zile zilizoondolewa zinaelekezwa kwenye ile iliyobaki kwa uelekezo wa kudumu, ule wa `301`, ili aliyehifadhi kiungo cha zamani asikute ukuta. Fungu la tatu, ambalo ndilo kubwa, ni lebo nyembamba zisizo na wageni. Hizo zinapewa `noindex`.

Kama tovuti ina programu-jalizi ya kusimamia mambo ya utafutaji, mpangilio huo humo humo ndimo ufanyike, kwa kuwa programu mbili zikitoa amri mbili zitagongana. Kama haina, mistari michache katika faili ya `functions.php` ya mandhari inatosha:

```php
add_filter( 'wp_robots', function ( $robots ) {
    if ( is_tag() && get_queried_object()->count < 5 ) {
        $robots['noindex'] = true;
        $robots['follow']  = true;
    }
    return $robots;
} );
```

Maana yake: ukurasa ukiwa ni wa lebo na lebo hiyo ina makala pungufu ya tano, uweke `noindex`. Lebo ikikua hadi tano, kizuizi kinaondoka chenyewe. Hiyo tano ni uamuzi wa mwenye tovuti, Google hawakuiweka. Tovuti yenye makala ndefu na chache inaweza kuridhika na tatu.

Hatua ya tatu husahaulika: ramani ya tovuti. Tangu toleo la 5.5 la mwaka 2020, WordPress hutengeneza yenyewe orodha ya kurasa inayowapa Google, na lebo zimo. Ukiacha lebo nyembamba humo, mkono mmoja unawaita Google na mwingine unawafukuza. Ziondoe kwenye ramani ili ishara iwe moja.

Kisha ni kungoja. `noindex` inafanya kazi siku roboti itakaporudi kuusoma ukurasa, na kurasa zisizotembelewa sana hurudiwa kwa nadra. Baadhi huchukua miezi. Kwa ukurasa wenye aibu, kama ule wa kamari, kipo chombo cha kuondoa kwa haraka ndani ya Search Console, lakini huficha kwa takriban miezi sita tu. Kama `noindex` haipo nyuma yake, utarudi.

Kivuli kimeondoka; je, makala ina jina?

Tumebakiwa na swali ambalo wengi hawalifiki. Kwa nini Google ilichagua ukurasa wa lebo na kuiacha makala? Tazama vichwa viwili hivyo kama roboti inavyoviona. WordPress hutengeneza kichwa cha ukurasa wa lebo kwa kuchukua jina la lebo na kulifuatisha jina la tovuti. Kwa hiyo lebo ina kichwa kinachosema “Wali wa nazi”, kifupi na safi. Makala yenyewe ina kichwa kinachosema “Mlo wetu mtamu wa Jumapili, hutaamini!” Mashine iliyoulizwa kuhusu wali wa nazi ilimchagua aliyejitaja kwa jina.

Ndiyo sababu `noindex` peke yake yaweza kumwacha mwenye tovuti na huzuni. Lebo imeondoka, na makala haikupanda, kwa kuwa haijawahi kusema inahusu nini. Kazi hizi mbili ziende pamoja: siku unayoizuia lebo, fungua makala iliyokuwa nyuma yake na ukiandike upya kichwa chake.

Kichwa chenye nguvu hutaja kitu kwanza, kisha kinataja kinachokitofautisha. “Wali wa nazi: vipimo vya tui kwa kilo moja ya mchele” kinamwambia mpishi kila anachohitaji kujua kabla hajabofya. Sisi waandishi wa Kiswahili tuna mazoea ya kuanza kila kitu na “Jinsi ya kupika”. Si kosa, na watu huuliza hivyohivyo, lakini makala 180 zikianza kwa maneno matatu yaleyale, kinachozitofautisha kinasukumwa mbali, na skrini ya simu hukata kichwa kabla hakijafika. Tovuti yetu ya mfano ina makala tatu zenye kichwa cha “Jinsi ya kupika pilau tamu nyumbani”. Ukizifungua, moja ni pilau ya kuku, moja ya nyama ya ng'ombe, ya tatu haina nyama kabisa. Zipe majina yake: “Pilau ya kuku”, “Pilau ya nyama ya ng'ombe”, “Pilau ya mbogamboga”, na kila moja ifuatwe na jambo lake, iwe ni vipimo, muda au aina ya viungo. Jina la tovuti likae mwisho.

Unapobadili kichwa, usibadili anwani ya makala. Anwani ndiyo ambayo Google inaijua na wasomaji wameihifadhi. Na kichwa kile cha nyuma ya pazia kikubaliane na kile kinachoonekana juu ya makala. Google haifungwi na kichwa ulichoandika. Mnamo Agosti 2021 walibadili namna ya kutengeneza vichwa vinavyoonekana kwenye matokeo, na baada ya marekebisho ya Septemba walisema kichwa cha mwenye tovuti hutumika kwa takriban asilimia 87. Kwa sehemu iliyobaki huchukua maneno mengine, kama kichwa kikubwa cha ndani ya ukurasa, hasa pale kichwa kilichoandikwa kinapokuwa nusu tupu, kimepitwa na wakati, au kinarudiwa kurasa nyingi. Njia ya kulinda kichwa chako ni kukifanya kiwe cha kweli. Kikiahidi vipimo, vipimo viwemo.

Kujua kama imefanikiwa

Baada ya majuma machache Google inaweza kukutumia barua ya kusema kurasa zako kadhaa zimeondolewa kwa sababu ya `noindex`. Usishtuke, na wala usiipuuze. Fungua orodha hiyo, iliyo chini ya maneno `Excluded by ‘noindex’ tag`, uisome anwani kwa anwani. Zikiwa ni za `/tag/` na `/?s=`, kazi imekwenda sawa. Ukiona humo anwani ya makala, simama papo hapo. Kosa linalojirudia sana ni kisanduku kimoja kwenye mipangilio ya kusoma ya WordPress, kinachoziomba injini za utafutaji zisiiingize tovuti nzima. Fundi hukitia alama wakati tovuti inajengwa, kisha husahau kukiondoa siku ya kuifungua.

Jambo jingine la kuangalia ni njia ya kuzifikia makala. Ukurasa uliokaa na `noindex` muda mrefu hutembelewa kwa nadra, na Google wameeleza kwamba mwishowe viungo vyake huacha kuhesabiwa. Makala iliyokuwa ikifikiwa kupitia lebo pekee itabaki kisiwani. Kila makala iwe chini ya kundi lake kuu, iwe wali, mboga, vitafunwa au vinywaji, na iunganishwe na makala mbili tatu zinazohusiana nayo.

Baada ya hapo inabaki tabia ya kila siku. Kile kisanduku cha lebo bado kipo pembeni, na kila neno jipya linaloandikwa humo ni ukurasa mpya. Kabla ya kubonyeza, tazama kama lebo hiyo ipo tayari kwa umoja au kwa wingi, kisha ujiulize ni makala gani nyingine nne zitakazokaa chini yake. Ukishindwa kuzitaja, neno hilo halihitaji ukurasa. Lipeleke kwenye kichwa cha makala, ndiko litakakomfikia mwenye sufuria motoni.